Dada Staa, Ule Siyo Uchafu: Acha Kutuuzia Sabuni ya Huko Chini

Wadau, leo sitaji jina la mtu. Anayejijua atajijua, na ninyi mnaoshinda kwenye ukurasa wake mtamjua kabla sijamaliza aya hii. Ni dada yetu, staa, wafuasi kibao, na ile video yake ya chupa ya rangi ya waridi imezunguka mpaka huku kwetu Kigoma. Sasa hivi ukitoka Mwanga, ukapita Katubuka mpaka Ujiji, hukosi shoga wa mtu anayeitembeza kwenye mkoba. Chupa moja 35,000/=. Unamimina kwenye maji ya uvuguvugu, unanawa mpaka ndani asubuhi na jioni, halafu eti fangasi, UTI sugu, uchafu na harufu vyote vinaaga ndani ya siku tatu.

Nimesoma maoni chini ya ile video mpaka macho yakauma. Mmoja kaandika anawashwa tangu mwezi wa pili. Mwingine kasema anatokwa na maji ya kijani na tumbo la chini linamuuma, je, anunue chupa moja au mbili? Na dada staa akamjibu kwa moyo mwekundu na namba ya kulipia.

Hapo ndipo niliposema hapana, hili siwezi kulinyamazia. Mtu mwenye maji ya kijani na maumivu ya tumbo la chini hahitaji chupa mbili. Anahitaji kupandishwa kwenye kitanda cha uchunguzi leo, siyo kesho kutwa.

TUANZE NA NENO LENYEWE

Kiswahili chetu kimetuponza kidogo hapa. Kila kinachotoka ukeni tumekizoea kukiita "uchafu". Hata kliniki unaulizwa, "unatokwa na uchafu?" Sasa binti wa miaka kumi na tisa akisikia ana uchafu, anawaza nini? Anawaza sabuni, kwa sababu kitu kichafu huoshwa. Dada staa hakuhitaji hata kuwa mjanja, neno lilishamfanyia kazi nusu.

Ukweli ni kwamba mwanamke mzima mwenye umri wa kuzaa hutokwa na ute, na ute huo ni afya. Unakuwa mweupe au kama maji, hauwashi, hauchomi, na harufu yake ni hafifu, ya uchachu kidogo. Katikati ya mzunguko unavutika kama ute wa yai, karibu na hedhi unakuwa mzito na mweupe zaidi, na ukikauka kwenye nguo unaacha alama ya manjano hafifu. Ukiwa na mimba unaongezeka. Hakuna cha kuosha hapo.

Ule uchachu una kazi. Ndani ya uke wanaishi bakteria walinzi, wataalamu wanawaita laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa kuwa mtindi. Wanatengeneza asidi, na asidi hiyo inaweka kipimo cha pH kati ya 3.8 na 4.5. Kwenye uchachu wa namna hiyo wadudu wengi wabaya hawapati raha ya kuzaliana. Sabuni ya kipande tunayoijua, hata ile yetu ya mawese inayopikwa na kostiki, ina pH ya 9 na zaidi. Ukiiingiza ndani kwa kidole kila asubuhi na jioni, unafukuza walinzi na kuzimua ile asidi kwa wakati mmoja. Unaacha mlango wazi halafu unashangaa nani kaingia.

Na zile chupa zilizoandikwa "pH sawa"? Hata kama ni kweli, tatizo halijaisha. Kunawa ndani kunakomba bakteria walinzi, na manukato yaliyomo yanachubua ngozi laini. Uke hauna haja ya kuoshwa ndani, kama usivyohitaji kumwaga sabuni ndani ya jicho.

SHOMBO: WATU WA KIGOMA HILI TUNALIELEWA

Sasa niwaambie kitu ambacho mtu wa Kibirizi atakielewa haraka kuliko mtu yeyote wa mjini kwenu. Ile harufu ya samaki inayowatesa wengi ni shombo kwelikweli. Kwenye ugonjwa unaoitwa vajinosisi ya bakteria (kwenye cheti mara nyingi huandikwa BV), laktobasili wanapungua na bakteria wengine wanajaa. Hao wapya wanatengeneza kemikali za jamii moja na zinazotoa shombo kwa samaki. Kwa hiyo siyo kwamba mwanamke huyo haogi. Anaweza kuoga mara tano kwa siku na bado shombo likawepo, kwa sababu linatengenezwa ndani.

Umewahi kujiuliza kwa nini tunakamulia ndimu kwenye mgebuka? Asidi ya ndimu inazikamata zile kemikali na kuzizuia zisipae hewani, shombo linatulia. Kinyume chake nacho ni kweli: kitu chenye tabia ya magadi au sabuni kinaziachia zipae. Maabara wanatumia ujanja huohuo. Wanachukua ute kidogo kwenye kioo, wanadondoshea tone la dawa ya jamii ya magadi makali, wananusa. Shombo likipanda ghafla, hiyo ni dalili mojawapo ya BV.

Mmeona mchezo sasa? Unanawa kwa sabuni ndani, ute unapoteza uchachu, shombo linapanda, unadhani bado mchafu, unanawa tena. Shahawa nazo hazina uchachu, ndiyo maana wengi wenye BV wanalisikia shombo zaidi baada ya tendo. Mwanaume anakunja pua, dada anakimbilia beseni. Na beseni ndilo linalorudisha tatizo, maana kunawa ndani ni moja ya mambo yanayohusishwa na kupata BV.

Na tafadhali, nimesema ndimu ni ya mgebuka. Asitokee mtu akasema kwenye blogu wameruhusu kuweka limau. Limau, siki, chumvi, shabu, vitunguu saumu, dawa ya meno, dawa ya kuua vijidudu ya kudekia sakafu, vyote hivyo havina kazi ukeni isipokuwa kuunguza.

KILA MWASHO MNAITA FANGASI

Hapa ndipo dada staa anapopigia hela. Chupa yake inatibu "fangasi" na kila mtu anaamini ana fangasi. Wacha nizitenganishe hali tatu zinazotokea sana.

Fangasi wenyewe, aina ya kandida, kazi yao ya kwanza ni kuwasha. Unawashwa hasa, mashavu ya nje yanakuwa mekundu na kuvimba, pengine yanapata vipasuko vidogo, na mkojo ukigusa pale unachoma. Ute ukiwepo ni mweupe mzito kama mtindi uliokatika. Lakini haunuki. Shikeni hilo: fangasi hawaleti shombo. Mara nyingi wanakuja baada ya kumeza antibayotiki, wakati wa ujauzito, kwa mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, au kinga ya mwili ikishuka. Hawa hawahesabiwi kama ugonjwa wa zinaa.

BV ni kinyume chake. Harufu ndiyo kubwa, kuwasha ni kidogo au hakuna kabisa. Ute ni mwepesi, wa kijivu au mweupe uliofifia, umetandaa kama maji ya unga.

Wa tatu ni trikomonasi, kijidudu kidogo chenye mikia, na huyu ni wa zinaa. Analeta ute mwingi wa manjano au kijani, pengine wenye povu, pamoja na kuwasha, kuchoma na harufu. Lakini wengi wenye trikomonasi hawana dalili yoyote, hasa wanaume. Kwa hiyo kaka anayesema "mimi mzima, wewe ndiye mchafu" anaweza kuwa ndiye aliyembeba.

Dawa zao hazifanani. Fangasi wanatibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni, au flukonazoli ya kumeza miligramu 150 mara moja, ambayo mjamzito hapewi. BV na trikomonasi hawasikii dawa hizo hata ukimeza debe. Wao wanatibiwa kwa metronidazoli. Na trikomonasi lazima atibiwe na mwenza siku zilezile, bila tendo mpaka wote wamalize, la sivyo mnarushiana kama mpira.

Mtasema basi tushajua, tujitibu wenyewe. Subirini. Mwaka 2002 watafiti Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 95 waliokuwa wamenunua dawa ya fangasi dukani kwa kujipima wenyewe. Walipochunguzwa, karibu theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na BV, au mchanganyiko, au trikomonasi, na wapo ambao hawakuwa na maambukizi yoyote. Wengi wao walikuwa watu wazima waliowahi kuugua fangasi na kuamini wanawajua. Kama wale walikosea, wewe unayefuata video ya sekunde thelathini una uhakika gani?

KISA CHA DADA WA GUNGU

Nina ruhusa yake kusimulia, jina nabaki nalo. Tumwite Dada wa Gungu, miaka 24, anauza vitenge.

Mwezi wa nne alimeza amoksilini kwa ajili ya koo. Siku chache baadaye akaanza kuwashwa, ute mweupe wa vipande, hakuna harufu. Duka la dawa wakampa klotrimazoli za kuweka, kidonge kimoja kila usiku kwa usiku sita. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa, na maelezo yake yalifanana kabisa na fangasi. Usiku wa pili mwasho ukapungua, akaacha. Vidonge vinne vikabaki kwenye droo.

Wiki moja baadaye ukarudi mwasho kidogo. Badala ya kurudi kwenye dawa au kwenda kuchunguzwa, shoga yake akamletea ile chupa ya waridi. Akanawa asubuhi na jioni, mpaka ndani, kama video ilivyoelekeza. Siku ya kwanza akajisikia ubaridi mzuri, manukato yale yana kitu kama mnanaa. Siku ya tano akaanza kuungua. Kufikia wiki ya pili ute ulibadilika: mwepesi, wa kijivu, na shombo baada ya tendo. Akamwandikia muuzaji. Jibu likaja: "Hiyo ni sumu inatoka, ongeza dozi." Akaongeza.

Alipofika kituo cha afya alikuwa ameshamaliza chupa mbili, yaani 70,000/=, na hawezi kukaa kwenye kiti bila kujipinda. Mhudumu akamuuliza maswali: hedhi ya mwisho lini, mwenza, dawa alizotumia, ananawa na nini. Akamwangalia nje, ngozi nyekundu, imechubuka. Akatumia kile kifaa cha kufungulia uke, akaona shingo ya kizazi haina usaha, akachukua ute kwa pamba. Karatasi ya pH ikasoma zaidi ya 5. Tone la dawa likapandisha shombo. Kwenye hadubini zikaonekana seli za uke zilizofunikwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani vizuri. Fangasi? Hakuna hata mmoja. Trikomonasi? Hakuonekana. Akapimwa pia VVU na ujauzito, vyote hana.

Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja fangasi wake walikuwa wameshakwisha, na alichokuwa anakihangaikia ni BV pamoja na ngozi iliyounguzwa na sabuni. Akapewa metronidazoli miligramu 400 mara mbili kwa siku, siku 7, akaambiwa asinywe pombe na asiache katikati. Chupa itupwe. Maji matupu nje, basi. Ngozi ilianza kupona siku chache tu baada ya kuacha kunawa na ile kitu.

Ile "sumu inatoka" ilikuwa ngozi yake inaungua, wadau. Uliza nani aliomba radhi. Ujumbe umesomwa, haujajibiwa.

"MBONA MIMI NILIPONA?"

Najua mtaniandikia hivyo, na siwaiti waongo. Mwasho wa fangasi hupanda na kushuka, na wapo ambao hutulia wenyewe, hasa hedhi ikifika maana damu inabadilisha mazingira ya ndani. BV nayo inaweza kupoa yenyewe na kurudi. Na manukato yanafunika harufu kwa saa kadhaa. Ukitumia kitu chochote siku hizo, hata maji ya mvua, utakisifia. Lakini swali siyo kama ulijisikia vizuri siku ya tatu. Swali ni kama tatizo lilirudi, na kama mwenzako mwenye klamidia, isiyowasha wala kunuka, amekaa nayo miezi sita akiinawia.

Kwa sababu hatari kubwa haipo kwenye mwasho. Kisonono na klamidia vinakaa kwenye shingo ya kizazi, mara nyingi kimyakimya, na vikipanda juu vinaharibu mirija. Huko ndiko yanakotokea maumivu ya kudumu, mimba kutunga nje ya kizazi, na kukosa mtoto baadaye. Na kuna la VVU. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, ukiunganisha tafiti 13 za nchi za Afrika kusini mwa Sahara zenye wanawake zaidi ya 14,000, ulionyesha kuwa waliokuwa wakijisafisha ndani kwa sabuni walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wasiofanya hivyo. Waliojifuta ndani kwa kitambaa au karatasi, na waliojiwekea vitu vya kukausha au kubana, nao vilevile. Haimaanishi sabuni inaleta VVU. Inamaanisha ngozi iliyochubuliwa na walinzi waliofukuzwa ni mambo ya kuogopa, hasa mwenza wako akiwa mtu usiyejua hali yake.

"HOSPITALI WANATUPA VIDONGE VYA AINA TATU BILA KUPIMA"

Hili nalo nimelisoma sana kwenye maoni, na dada staa analitumia: "huko wanabahatisha, njoo kwangu." Wacha nilieleze vizuri.

Siyo kila kituo kina hadubini na mtu wa kuitumia saa hiyo. Na trikomonasi anasumbua: anatambulika kwa kuogelea, kwa hiyo ute unatakiwa uangaliwe mapema ukiwa bado wa moto. Ukipoa, anatulia na kufanana na seli nyingine. Ndiyo maana kuna utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili: mhudumu anakuuliza, anakuchunguza, halafu anakupa dawa zinazogusa magonjwa yanayowezekana zaidi kwa dalili zako. Hiyo ndiyo sababu ya kutoka na pakiti mbili tatu.

Utaratibu huo umepimwa hapahapa Tanzania. Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, utafiti ulilinganisha jamii 12 za vijijini. Sita zikapata wahudumu waliofundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili pamoja na dawa za uhakika, sita zikasubiri. Ndani ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kule kulikokuwa na huduma hiyo. Matokeo yalichapishwa 1995 na dunia nzima ya afya ikayasoma. Wahudumu wa kawaida wa zahanati na vituo vya afya walifanya kazi hiyo.

Lakini nao utaratibu huo una mipaka, nitasema bila kuficha. Kwa ute wa ukeni unabahatisha zaidi kuliko kwa usaha wa mwanaume: unaweza kumtibu mtu klamidia asiyonayo, na mwenye klamidia bila dalili hafiki kabisa. Kwa hiyo ukipewa dawa bila kuguswa, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Naomba nichunguzwe, na ute upimwe kama inawezekana." Na ukimaliza dozi dalili zikabaki, rudi. Usibadilishe duka, omba rufaa. Kwa Kigoma mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni.

UENDE LINI, UENDE VIPI

Unaweza kuanzia duka la dawa kama umewahi kuthibitishiwa fangasi, dalili ni zilezile, hakuna harufu, huna mimba wala maumivu ya tumbo. Maliza dozi yote. Usipopata nafuu kufikia siku ya saba, nenda.

Nenda kuchunguzwa bila kujaribu kitu kama hii ni mara yako ya kwanza, kama kuna shombo, kama ute ni wa manjano, kijani au una damu, kama una vidonda au malengelenge, kama una mwenza mpya au mwenza wako ana dalili. Mjamzito naye aende, hata mwasho ukiwa mdogo. Na kama fangasi wanakurudia mara 3 au zaidi kwa mwaka, omba upimwe sukari na VVU, na ute uoteshwe maabara kama ipo huduma hiyo, maana kuna aina za kandida zisizosikia dawa za kawaida.

Nenda siku hiyohiyo kama una maumivu ya tumbo la chini, homa, maumivu makali wakati wa tendo, au una mimba na unatokwa damu au maji. Kama hedhi imechelewa na tumbo linauma upande mmoja, usisubiri asubuhi. Na mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo akitokwa na ute usio wa kawaida, apelekwe. Asinaweshwe na kufichwa.

Kabla ya kwenda usinawe ndani na usiweke dawa yoyote, kwa siku mbili kama unaweza kusubiri, ili kipimo kione kilichopo. Kama siyo dharura, epuka siku za damu nyingi. Unaweza kuomba mhudumu wa kike, na unaweza kuomba mtu unayemwamini awepo. Uchunguzi ni dakika chache, unabana kidogo, ukiumia sema asimamishe. Na mwambie ukweli kuhusu chupa ya waridi. Hakuna kitu ambacho hajawahi kukisikia.

Nyumbani, maji matupu kwa nje tu, mbele kwenda nyuma. Ukipenda sabuni, isiyo na manukato, kidogo, kwenye ngozi ya nje, isuuzike yote. Chupi ya pamba, isikae na unyevu. Ukitoka kuogelea Bangwe badili nguo ya maji. Gharama yake ni ndogo, ndiyo maana hakuna staa anayeitangaza.

SASA DADA STAA, TUONGEE

Sina tatizo na wewe kutafuta riziki. Uza wigi, uza vijora, uza keki. Lakini ukisema chupa yako inatibu fangasi na UTI, umeacha kuuza sabuni, unatangaza dawa. UTI ni ugonjwa wa njia ya mkojo, tundu jingine kabisa, hautibiwi kwa kunawa. Na dawa hapa nchini inasajiliwa na TMDA. Namba ya usajili iko wapi? Tuwekee kwenye ukurasa wako tuisome. Kama ni sabuni tu, futa neno "inatibu" leo.

Na yule binti wa maji ya kijani, rudi kwenye maoni yako umjibu upya. Mwambie arudishiwe hela yake aende kituo cha afya. Moyo mwekundu haujawahi kutibu mirija ya mtu.

Kaka zangu mnaosoma kimyakimya, nanyi hamjasalimika. Mkiambiwa mwenza ana trikomonasi, kisonono au klamidia, nendeni mkameze dawa. Na hata BV: mwaka 2025 utafiti wa Australia ulionyesha kwamba mwanaume akitibiwa pamoja na mwenza wake wa kudumu, kurudi kwa BV kunapungua sana. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtoto wa watu ananuka shombo kama mwalo wa Kibirizi, jiulize nani anayemletea.

Wenye chupa ya waridi nyumbani, itumieni kusugulia vyoo. Wenye dalili, mnajua pa kwenda. Maoni yako wazi hapo chini, na muuzaji yeyote akija na "ni sumu inatoka" tutamuuliza namba ya usajili kwanza.